Nje Pakavu, Ndani Pabichi: Hotuba Juu ya Kukausha Nyama na Samaki

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, ndugu zangu mliokaa nyuma mkiwa na madaftari, asanteni kwa kunialika.

Nimeulizwa swali moja mara nyingi kabla sijapanda hapa jukwaani, na kila muulizaji ameliuliza kwa namna yake: mbona samaki wangu nilimwanika mpaka akawa mgumu kama ubao, nikamfungia vizuri, na baada ya wiki mbili nikamkuta ameota ukungu? Nitalijibu hilo swali moja, na nikilijibu vizuri mengine mengi yatakuwa yamejibika humo humo.

Tuanze na kinachoharibu nyama. Si muda, wala si joto peke yake. Ni vijidudu: bakteria na kuvu. Viumbe hivi havina mdomo. Hunywa na kula kwa kupitisha maji yenye chakula ndani ya ngozi yao. Ukiwanyima maji hawawezi kula hata kama wamekalia mlima wa minofu. Samaki mbichi asiye na mafuta mengi ni maji kiasi cha asilimia 75 hadi 80, na nyama nyekundu haiko mbali na hapo. Kwa bakteria, hiyo ni bahari.

Kukausha, basi, ni kuwanyang'anya maji. Lakini kuna jambo la kuzingatia hapa. Maji yote yaliyomo kwenye nyama hayako sawa. Mengine yako huru, yanatembea, na vijidudu vinaweza kuyatumia. Mengine yameshikwa na protini au na chumvi, na hayapatikani kwa urahisi. Tunachopigana nacho ni yale maji huru. Ndiyo maana samaki aliyetiwa chumvi nyingi anaweza kubaki na unyevu wa asilimia 35 au 40, akawa laini kiasi, na bado asioze, wakati asiye na chumvi akiwa na unyevu huo huo atanuka kesho. Chumvi imeyafunga maji.

Kwa samaki asiye na chumvi, shikeni namba mbili tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 25 hivi, bakteria wengi husimama. Ukishuka kufika asilimia 15 hivi, kuvu nazo husimama. Kati ya 25 na 15 kuna eneo ambalo samaki hanuki, hateleziki, anasikika mkavu ukimgonga, na kuvu zinamtafuna polepole. Aliyeniuliza swali lile, samaki wake yuko hapo.

Ngoja tulipigie hesabu, maana hesabu yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Tuseme una kilo 10 za samaki wasio na mafuta mengi, wametumbuliwa, wamepasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, hawana chumvi. Tuwape maji asilimia 78. Maana yake humo ndani kuna kilo 7.8 za maji, na kilo 2.2 za kitu kikavu: protini, madini, mafuta kidogo, mifupa. Zile kilo 2.2 haziendi popote. Jua halizichukui. Kinachoondoka ni maji tu. Kwa hiyo mizani ndiyo inayokwambia umefika wapi, hata kama macho yanasema kingine.

Waanike kwenye kichanja asubuhi. Tuseme jioni ya siku ya kwanza wana kilo 6. Wamepoteza kilo 4 kwa siku moja na kila anayepita anasema hawa wamekauka. Lakini toa zile 2.2: maji yaliyobaki ni kilo 3.8, yaani asilimia 63. Siku ya pili jioni, kilo 4: asilimia 45. Siku ya tatu, kilo 3.2: asilimia 31. Sasa samaki ni mgumu, ngozi imekunjamana, na mtu mwenye haraka anaanza kutafuta magunia. Siku ya nne, kilo 2.8: asilimia 21. Bakteria wamesimama, kuvu bado. Siku ya tano, kilo 2.6: asilimia 15. Hapo ndipo penyewe, na ukiongeza nusu siku hakuna aliyekufa.

Tazameni vizuri hizo siku mbili za mwisho. Siku ya kwanza kabisa iliondoa kilo 4, ya nne imeondoa gramu 400, ya tano gramu 200. Kwa macho hakuna tofauti kati ya samaki wa jioni ya nne na wa jioni ya tano. Yule wa nne ukimfungia ataota ukungu. Yule wa tano hatauota, mradi asinyweshwe tena unyevu. Idadi ya siku niliyoitaja ni ya mfano. Upepo, unene wa mnofu na ukavu wa hewa vitaibadilisha. Kinachobaki vilevile ni mwendo: haraka mwanzoni, taratibu mwishoni.

Kwa nini mwishoni ni taratibu? Mwanzoni maji yako juu ya mnofu, na upepo unayafagia tu. Yakishaisha hapo juu, yaliyo katikati lazima yasafiri kupitia nyama kufika nje, na hiyo safari ni ndefu. Ukifanya unene mara mbili, muda hauongezeki mara mbili, unazidi sana. Kwa hiyo kisu ndicho kinachoamua, kabla ya jua. Nyama ikatwe vipande virefu vyembamba, sentimita moja hivi unene, kufuata uzi wa nyama ili visikatike vikitundikwa, na mafuta yote yanayoonekana yaondolewe. Samaki mkubwa apasuliwe, na palipo na mnofu mnene karibu na kichwa na kando ya uti wa mgongo pachanjwe kwa kisu. Hapo ndipo uozo unapoanzia karibu kila mara.

Kosa kubwa jingine ni kutaka kuharakisha. Watu huweka samaki mbichi juu ya bati lenye moto wa jua la saa saba, au juu ya moto mkali, wakiamini joto jingi ni ukavu mwingi. Kinachotokea ni kwamba ngozi ya nje hukauka ghafla, ikajifunga, na maji ya ndani yakakosa njia. Unapata gamba gumu lenye tumbo bichi. Huyo ni hatari kuliko ambaye hajakauka kabisa, kwa sababu anadanganya. Siku ya kwanza inataka upepo kuliko joto. Kivuli chepesi chenye upepo unaopita juu na chini ya samaki ni bora kuliko jua kali lisilo na upepo. Ndiyo sababu ya kichanja cha wavu kilichonyanyuka usawa wa kiuno: hewa ipite chini, mchanga usirukie, mbwa na kuku wasifike, na maji yasiyokauka yadondoke.

Usiku waingize ndani au wafunike. Hewa ya usiku huwa na unyevu mwingi, na samaki mkavu hunywa unyevu kama alivyoutoa. Hii ni kweli zaidi kwa aliyetiwa chumvi, maana chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75. Na katika msimu wa mvua, hewa ikiwa imejaa unyevu mchana kutwa, samaki atafika mahali agome. Hatashuka tena hata ukimwacha mwezi. Hapo jua limeshindwa, na ndipo moshi unapoingia.

Niseme wazi juu ya moshi, kwa sababu unapewa sifa usizostahili. Moshi una fenoli, una asidi, una formaldehidi kidogo, na vyote hivi hukaa juu ya nyama vikisumbua bakteria na kuchelewesha mafuta kuchacha. Lakini vinakaa juu. Haviingii ndani ya mnofu mnene. Kinachomhifadhi samaki wa moshi kwa wiki nyingi ni joto la moto lililomkausha, na chumvi aliyotiwa. Rangi ya dhahabu haihifadhi kitu. Samaki wa moshi aliye laini, mwenye maji, mwenye kumeta, ni chakula kizuri cha leo na kesho; bila barafu au jokofu usimpe zaidi ya hapo.

Moto wa kukaushia hupandishwa kwa hatua. Kwanza moto mdogo, nyuzi 30 hivi, mlango wazi, mpaka ngozi iache kulowa na ianze kunata kidogo kidoleni. Moshi ukitua juu ya samaki aliyelowa huacha matone meusi yenye uchungu. Kisha moshi wenyewe, nyuzi 50 hivi. Kisha mwishoni joto lipande hadi nyuzi 80, samaki aive mpaka katikati. Anayetaka kuhifadhi muda mrefu haishii hapo: moto hushushwa tena na samaki huachwa juu ya joto dogo kwa saa nyingi, hata siku mbili au tatu, mpaka awe mwepesi mkononi. Mizani inafanya kazi hapa pia, ila kumbuka kutoa hesabu ya mafuta yaliyodondoka.

Kuni ziwe ngumu na kavu, zisizo na utomvu wa kunata. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki, mpira, hayo yote ni sumu tupu. Na usiache mafuta ya samaki yadondokee kwenye makaa: yanapoungua hutoa moshi mweusi wenye kemikali zinazohusishwa na saratani, na moshi huo hurudi kukaa juu ya chakula. Masizi meusi juu ya samaki ni alama ya moto mbaya, si ya samaki aliyekolea.

Kuhusu chumvi nitapita haraka. Kwa kuwekea chumvi kavu, sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu au nne za samaki: kilo 10 za samaki, kilo mbili na nusu hadi tatu na kidogo za chumvi. Ukitumia maji ya chumvi, lita moja ya maji hubeba gramu 360 hivi kabla ya kugoma kuyeyusha zaidi. Chumvi hufukuza nzi pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Ile hesabu ya kilo 2.6 usiitumie kwa samaki wa chumvi, kwa kuwa chumvi nayo imeongeza uzito. Kwake tumia uzito usiobadilika: pima jioni, pima jioni inayofuata, na tofauti ikiwa karibu na bure, amefika.

Mkikosa mizani, kuna kidole gumba. Bonyeza mahali pa mnofu mnene zaidi, nyuma ya kichwa. Kidole kikiacha alama, ndani kuna maji. Kisha chukua mmoja, yule mnene kuliko wote, mvunje hadi kwenye uti wa mgongo, unuse hapo. Kipande cha nyama nacho kivunje: kikipinda kikachanika nyuzi bila kudondoka, na katikati kukawa na rangi moja na nje, ni kizuri. Kikiwa na msitari wa wekundu mbichi katikati, rudisha juani. Msipime mwembamba mkajifariji.

Sasa twende kwenye dalili, na nitaanza na weupe kwa kuwa ndio unaowachanganya watu wengi. Unafungua gunia unaona vumbi jeupe juu ya samaki wa chumvi. Inaweza kuwa chumvi iliyojitokeza, inaweza kuwa kuvu. Dondoshea tone la maji. Chumvi inayeyuka na kupotea. Kuvu haiyeyuki, inalala kama manyoya yaliyolowa, na ukiitazama kwa karibu utaona nyuzi. Chumvi ni punje zinazometa na hazina harufu. Kuvu ina harufu ya uvundo, ile ya nguo zilizokunjwa mbichi.

Kuvu za kijani, nyeusi, njano au nyeupe yenye manyoya: tupa. Najua hapa watu hunung'unika, maana ni mali. Wengine hufuta kwa kitambaa, wengine huanika upya, wengine hurudisha kwenye moshi. Vyote hivi huondoa kinachoonekana. Mizizi ya kuvu imeshaingia ndani, na aina nyingine hutengeneza sumukuvu ambayo haiondoki kwa jua, kwa moshi, wala kwa kuchemsha jikoni. Usimpe kuku pia, wala ng'ombe. Sumu hiyo inawadhuru wao na mingine hurudi kwako kupitia maziwa.

Wekundu ni habari nyingine. Samaki wa chumvi akipata utando wa rangi ya waridi unaoteleza, hiyo si kuvu bali bakteria wapenda chumvi, wanaoishi ndani ya chumvi ya bahari yenyewe. Kwa hiyo kuongeza chumvi ile ile ni kuwaongeza wao. Wanahitaji joto na unyevu, wanalainisha mnofu na kuleta harufu mbaya. Dalili hiyo inasema ghala ni lenye unyevu na pengine chumvi yenyewe ni chafu. Vidoa vya kahawia vilivyotawanyika kama pilipili manga, juu ya samaki wa chumvi, ni kuvu yenye kupenda chumvi, inayokuja pale pale penye unyevu.

Njano ya kutu kwenye tumbo na kando za samaki wa mafuta, pamoja na harufu ya rangi ya mafuta iliyokaa, ni mafuta yaliyochacha. Jua na hewa huyachachisha, na hakuna ukavu unaoyazuia. Kwa hiyo samaki wa mafuta mengi hawafai kuanikwa kwa kukaa muda mrefu, wafaidini mapema.

Mashimo madogo, unga chini ya gunia, na mabuu ya kahawia yenye manyoya: hao ni wadudu wenye magamba meusi wanaopenda samaki mkavu, na wanaweza kukuachia ngozi na mifupa. Funza weupe waliolala kwenye mashavu au tumboni ni wa nzi, na wanasema samaki alikuwa bado amelowa nzi alipotua. Hapo hakuna la kuchambua.

Zipo na hatari zisizo na dalili, na hizi ndizo zinaniogopesha zaidi. Jodari, vibua, sardini na jamaa zao wakiachwa kwenye joto saa kadhaa kabla ya kutumbuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Haina rangi, haina harufu ya kutegemea, na haiondolewi na jua, moshi wala sufuria. Mlaji hupata uso kuwaka, kichwa kugonga na vipele, muda mfupi baada ya kula. Dawa yake iko mwanzoni: barafu tangu majini, na kutumbuliwa mapema.

Ya pili ni samaki wa moshi aliye laini kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, kisha akaachwa kwenye joto la kawaida. Mbegu za bakteria wa botulizimu huhimili moto wa kukaushia, na huota vizuri pale palipokosa hewa. Sumu yao inaua, na samaki anaweza asinuke kitu. Mfuko wa namna hiyo ni wa samaki mkavu kabisa, au wa jokofu. Mfuko ukivimba, usiufungue kunusa.

Na mkumbuke kwamba ukavu husimamisha, hauui. Bakteria waliokuwepo kwenye nyama mbichi wengi wao wamelala tu, wakisubiri maji. Nyama iliyoanikwa jua tupu ipikwe mpaka iive ndipo iliwe, na ukiilowesha usiiache ikalala kwenye maji yake mpaka kesho mezani.

Mwisho, gunia. Samaki waliotoka juani au motoni wapoe kabisa kabla ya kufungwa. Wakifungwa na joto lao hutoa jasho, na jasho hilo hurudi juu yao usiku ule ule. Gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta, na lifunguliwe mara kwa mara kukaguliwa. Ukikuta mmoja ana ukungu, usimtoe yeye tu ukafunga. Mwaga wote juu ya turubai safi. Watupe wenye kuvu na waliogusana nao kwa unyevu. Waliobaki safi wapime, waanike mpaka uzito usimame, weka kwenye gunia jingine lililo kavu, na hao ndio waliwe kwanza. Lile gunia la zamani lichomwe, au lichemshwe na kukaushwa juani kabla halijabeba kitu tena.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa maswali, na naanza na yule mama aliyenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye chumvi.